Fahamu: Kupunguzwa kazini kunafuata utaratibu gani Tanzania?

Kupunguzwa kazini ni kuachishwa kazi kwa sababu za mwajiri: biashara imeshuka, mashine imechukua nafasi ya watu au kampuni inajipanga upya. Mfanyakazi hana kosa.

Mashauriano kwanza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au wahusika wenyewe. Wanajadili namna ya kuepuka punguzo, vigezo vya kuchagua wa kuondoka na malipo. Hapa ndipo waajiri wengi hukwama: kikao kinaitwa, kumbe barua zimeshachapwa. Sababu inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini punguzo likawa si halali kwa kukosa utaratibu.

Malipo yakoje?

Chukua fundi anayelipwa 520,000 kwa mwezi, kazini siku 6 kwa wiki. Gawanya kwa 26, unapata 20,000 kwa siku. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hivyo miaka 6 ni 840,000. Ukomo ni miaka 10. Notisi ya siku 28 na likizo isiyotumika huhesabiwa kando.

Ukiona umeonewa

Peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali.