Barua ya Mwalimu Anayeomba Kazi ya Afisa Mafunzo

Barua ya mwalimu anayeacha darasa ili aombe kazi ya afisa mafunzo kwenye kampuni hujulikana kabla hujafika aya ya pili. Inaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inafuata shahada ya ualimu, kisha masomo aliyofundisha, na mwisho matokeo ya Kidato cha Nne. Yote yanaweza kuwa kweli tupu, na barua bado ikawekwa pembeni. Mtu wa rasilimali watu anayeisoma hana shaka kwamba mwalimu anajua kufundisha. Anachojiuliza ni kama mtu huyu ataweza kusimama mbele ya watu wazima wenye kazi inayowasubiri, wasio na mtihani wa kuogopa, na kama wakishatoka ukumbini watafanya kazi yao tofauti na walivyoifanya jana.

Swali hilo lina historia. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuchapisha makala zilizogawa upimaji wa mafunzo ya kazini katika ngazi nne: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, wakirudi kazini wanatenda vipi, na shirika limepata nini. Mgawanyo huo unatumika mpaka leo. Mwalimu wa shule amezoea kupimwa kwa ngazi ya pili, maana mtihani unapima alichojifunza mwanafunzi. Benki inajali zaidi ya tatu na ya nne. Keshia mpya akipata alama 90 kwenye jaribio la kutambua noti bandia, halafu wiki inayofuata akapokea noti bandia dirishani, kwa meneja wa tawi mafunzo hayo hayajafanya kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni tuufuate hatua kwa hatua. Benki yenye matawi mikoani inatafuta afisa mafunzo wa kubaini mahitaji ya wafanyakazi, kuandaa mafunzo elekezi kwa waajiriwa wapya na kufuatilia matokeo yake. Anayeomba ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari moja ya Morogoro, miaka tisa kazini, mitatu ya mwisho akiwa mwalimu wa taaluma. Katika rasimu yake ya kwanza ameandika: "Ufaulu wa somo langu ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 71."

Sentensi hiyo ni nzuri kwa mkuu wa shule. Kwa benki inasema kidogo kuliko mwenyewe anavyodhani, na sababu si kwamba waliofundishwa ni watoto. Muhtasari wa somo aliukuta umeandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtihani ulitungwa na Baraza la Mitihani. Kazi yake ilikuwa katikati, na huenda aliifanya kwa ustadi mkubwa, lakini nini kifundishwe na kipimwe vipi aliviamua mwingine. Kwenye kampuni hakuna muhtasari. Meneja anapiga simu kusema watu wake "wanahitaji semina ya huduma kwa wateja", na afisa mafunzo ndiye wa kuchunguza kama kweli wanaihitaji.

Kwa hiyo mwalimu wetu atafute, ndani ya miaka yake tisa, mahali ambapo yeye mwenyewe aligundua tatizo na waliofundishwa walikuwa watu wazima. Walimu wengi wanapo na hawapakumbuki, kwa sababu hapakuwa kwenye ratiba ya vipindi. Yeye anapo katika ofisi ya taaluma. Alama za muhula zilikuwa zikichelewa karibu wiki tatu na kurudishwa mara kwa mara kwa makosa. Mkuu wa shule alitaka walimu wote 22 wafundishwe kompyuta. Kabla ya kuandaa chochote, alikaa na wachache wao wakati wanajaza alama. Akaona wengi wanaijua Excel vizuri, ila kila mmoja ana jedwali la mtindo wake, na kuyaunganisha ndiko kulikozaa makosa. Waliohitaji kufundishwa kweli walikuwa sita. Akatengeneza jedwali moja la shule nzima, akawafundisha wale sita kwa mchana miwili, na muhula uliofuata alama zikakamilika ndani ya siku nne.

Hapo ndipo penye uzito wa barua yote. Kwenye rasimu ya pili aya inasomeka hivi: "Tangazo lenu linataka mtu wa kubaini mahitaji ya mafunzo. Nikiwa mwalimu wa taaluma niliombwa kuwafundisha kompyuta walimu 22 kwa sababu alama zilichelewa karibu wiki tatu. Baada ya kuwaangalia wakiwa kazini niligundua kuwa sita tu ndio waliohitaji mafunzo. Kwa waliobaki tatizo lilikuwa kukosa jedwali la pamoja. Nilishughulikia yote mawili, na muhula uliofuata alama zilikamilika kwa siku nne."

Angalia alichokionyesha bila kujisifu. Alipewa agizo la mafunzo, akaligundua kuwa pana kupita tatizo lenyewe, akaokoa muda wa watu 16. Msimamizi yeyote wa mafunzo anajua fedha inavyopotea kufundisha watu jambo wanalolijua tayari. Asilimia za ufaulu hazipotei; zinabaki kwenye wasifu, mahali pake.

Wapo wanaodhani dawa ni kubadilisha majina. "Wanafunzi" wanageuzwa "washiriki", "andalio la somo" linakuwa "usanifu wa moduli", kikao cha wazazi kinaitwa "ushirikishaji wa wadau". Msomaji mwenye uzoefu hulinusa hilo mara moja, na usaili ukifika mwombaji hukwama kwenye swali jepesi tu: hiyo moduli ilikuwa ya nani, na ilidumu saa ngapi? Ni heri kusema darasa kuwa darasa na kueleza kwa uwazi kilichotokea humo.

Pengo nalo litajwe, kwa sentensi moja au mbili. Mwalimu wetu hajawahi kukaa nyuma ya dirisha la benki, na kulificha hilo hakusaidii kwa sababu wasifu wake unalitangaza. Anaweza kuandika: "Shughuli za tawi sijazifanya. Ningeomba wiki zangu za mwanzo niwe kando ya makeshia, niangalie kazi kabla ya kuandaa mafunzo yake." Ni njia ile ile aliyoitumia shuleni, hivyo inaaminika. Ila tangazo likidai miaka mitano ya kufundisha ndani ya benki kama sharti, barua haitaliziba. Nafasi ya msaidizi wa mafunzo, au ya kufundisha wapya kwenye kituo cha huduma kwa simu, ndiyo yenye mlango.

Kwa nini anaacha ualimu? Aeleze kwa ufupi na aeleze anakokwenda: kwamba kazi ya kufundisha wenzake ndiyo anayotaka iwe kazi yake ya kila siku. Mshahara, uhamisho na msongamano wa madarasa, hata kama ndivyo vilivyomchosha, msomaji wa barua hana la kuvifanyia.

Yaliyobaki ni madogo. Barua isizidi ukurasa mmoja, na iandikwe kwa lugha ya tangazo. Matangazo mengi ya benki huwa kwa Kiingereza, basi na aya yetu ya mfano itabidi iandikwe hivyo. Umri na historia ya shule ya msingi viondoke. Aya ya mwisho itaje tarehe ya kweli ya kuanza kazi, baada ya kuhesabu muda wa notisi kwa mwajiri wa sasa. Mwenye darasa la Kidato cha Nne akiomba mwezi wa nane anaweza kusema wazi kwamba angependa kuwafikisha wanafunzi wake kwenye mtihani wa Novemba, kisha aripoti Desemba.