Kabla ya Kusaini Ofa ya Dubai, Tazama Mshahara wa Msingi

Barua ya ofa ya kazi kutoka Dubai huja kwa Kiarabu, na tafsiri ya Kiingereza ubavuni. Wengi wetu husoma upande wa Kiingereza tu, jicho likatua kwenye jumla ya mshahara na kuishia hapo. Lakini kisheria, lugha hizo mbili zikipingana, Kiarabu ndicho kinachofuatwa. Kwa hiyo mtafute ustadhi au jamaa anayekisoma vizuri, alinganishe tarakimu moja moja: mshahara wa msingi, posho, muda wa majaribio, tiketi ya ndege.

Wa kukazia macho zaidi ni huo mshahara wa msingi. Tuseme mtunza stoo wa Mombasa ameahidiwa dirhamu 4,000 kwa mwezi: 1,600 za msingi, na 2,400 za posho ya nyumba na usafiri. Zikishaingia mfukoni, zote ni pesa. Tofauti huja siku ya kuondoka, kwa sababu kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 kwa kila mwaka wa kazi katika miaka 5 ya mwanzo. Gawa 1,600 kwa 30, zidisha kwa 21, unapata 1,120. Akifanya kazi miaka 3, atalipwa 3,360. Kama msingi ungekuwa 2,400 na posho 1,600, angelipwa 5,040, na mshahara wake wa kila mwezi ungebaki 4,000 zile zile. (Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao mbali, hesabu hii si yao.)

Ndiyo maana napenda ombi lianzie hapo. Mwajiri anayesema bajeti imefika mwisho anaweza bado kukubali kuigawa upya. Mwandikie baruapepe, jibu lake libaki kwenye maandishi, kwa maneno kama haya:

“Nashukuru sana kwa ofa hii, na niko tayari kuja. Naomba, kama inawezekana, mshahara wa msingi uwe dirhamu 2,400 na posho 1,600, jumla ibaki 4,000. Nina uzoefu wa kutunza stoo, na ningependa kukaa nanyi muda mrefu.”

Usitaje madeni wala karo za watoto. Taja kazi unayoiweza. Akikataa, mshukuru, kisha uombe tiketi ya kuja nyumbani likizo kila mwaka, kwani hiyo hutegemea makubaliano.

Akikubali, omba barua mpya yenye marekebisho kwa lugha zote mbili, ikaguliwe tena upande wa Kiarabu. Mkataba utakaosajiliwa kwenye wizara ya kazi ya huko unapaswa kufuata barua hiyo. Ahadi ya wakala kwa WhatsApp haimo ndani yake. Na wakala akikudai ada ya kukutafutia kazi, jua kwamba sheria ya huko inamkataza mwajiri kukutwisha gharama hiyo, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine.