Mfanyakazi Amefungua Imeli ya Ulaghai? Ripoti Yako Ijibu Maswali Haya Matatu

Imeli inaingia ikisema akaunti ya malipo ya biashara yako itafungwa leo usipothibitisha taarifa zako. Mfanyakazi anafungua, anabonyeza linki, anajaza. Baada ya dakika chache anashtuka. Sasa unatupigia simu: "Tumetapeliwa kwa imeli, tusaidieni!"

Sawa, tutasaidia. Lakini sentensi hiyo haituambii tufunge nini. Ripoti inayosaidia hujibu maswali matatu: nani alibonyeza, aliandika nini, na ni akaunti zipi tayari zimelindwa. Hebu tuyapitie kwa mfano wa agroveti moja mjini Turbo, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Webuye. Duka ni la kubuni, lakini mbinu za matapeli ndizo hizi hizi.

1. Nani alibonyeza?

Ni Machi, msimu wa kupanda mahindi, na foleni ya mbegu na mbolea imefika nje. Imeli ya ulaghai imeingia kwenye anwani ya duka ambayo watu watatu wanaitumia kwa paswadi moja: mwenye duka, keshia na mtunza stoo. Hapo tayari kuna shida. Rekodi za akaunti zitaonyesha kwamba duka liliingia, lakini hazitasema ni nani kati ya hao watatu. Njia iliyobaki ni kuuliza kila mmoja.

Uliza kwa hatua, kwa sababu kufungua si kubonyeza, na kubonyeza si kujaza. Mwenye duka aliisoma tu akaiacha. Mtunza stoo alibonyeza linki kwa simu yake, ukurasa ukafunguka, akaufunga bila kuandika kitu. Keshia alibonyeza kwa kompyuta ya kaunta na akajaza. Hatari kubwa iko kwa keshia. Simu ya mtunza stoo inahitaji kuangaliwa tu kama kuna faili au programu iliyopakuliwa.

Andika saa kama inavyoonekana kwenye skrini: 09:20, si "saa tatu na dakika ishirini". Rekodi za kompyuta hutumia saa za skrini, na anayechunguza akichanganya saa 3 na 9 atatafuta muamala mahali ambapo haupo.

2. Aliandika nini?

Hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Mtu husema "niliweka paswadi" na kuishia hapo. Muulize: ulijaza mara ngapi?

Keshia wetu alijaza anwani ya imeli na paswadi. Ukurasa ukamwambia paswadi si sahihi. Akajaribu nyingine, ile ya kuingia kwenye akaunti ya malipo ya duka. Huo ni mtego wa kawaida: ukurasa wa uwongo unakataa paswadi ya kwanza makusudi ili utoe ya pili. Kisha ukamwomba ule msimbo wa tarakimu sita uliotumwa kwa simu, akauweka pia.

Kwa hiyo jibu kamili si "paswadi". Ni paswadi mbili na msimbo mmoja. Usijifariji kwamba msimbo huisha muda haraka. Tapeli huwa anausubiri, anautumia papo hapo, na akishaingia anaweza kukaa ndani hata msimbo ukiisha.

Kwenye ripoti, taja aina ya kitu kilichoandikwa na akaunti yake, lakini usiandike paswadi yenyewe wala PIN. Hakuna anayekusaidia kwa haki anayezihitaji.

3. Akaunti zipi zimelindwa?

Tumia kifaa ambacho hakikuhusika. Anza na imeli, kwa sababu anayeishika imeli yako anaweza kuomba paswadi mpya za akaunti nyingine zote na linki zikamfikia yeye.

Kubadilisha paswadi peke yake hakutoshi. Kama unatumia Gmail, ingia kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti yako ya Google, tafuta "Your devices", na utoe kila kifaa usichokijua. Halafu fungua mipangilio ya Gmail, sehemu za "Forwarding and POP/IMAP" na "Filters and Blocked Addresses". Kwenye duka letu la mfano kuna kichujio kipya: kila imeli yenye neno "statement" inafichwa na nakala yake inaenda kwa anwani ngeni. Usipokifuta, tapeli ataendelea kusoma barua zako hata ukibadilisha paswadi mara kumi.

Kisha tupigie, kwa namba iliyo kwenye programu yetu au kwenye mkataba wako, si ile iliyo kwenye imeli. Tutafunga akaunti ya malipo kwa muda. Pamoja nawe tutaangalia miamala yote tangu 09:20, namba za simu zilizoidhinishwa, na akaunti ya benki ambako mauzo yako hutumwa. Usiruke hiyo ya mwisho. Tapeli mwenye subira hatoi hela leo. Anabadilisha akaunti ya benki, anangoja mauzo ya wiki yaingie.

Ripoti yenyewe inakaa hivi

> Imeli iliingia 09:12 kwenye anwani ya duka. Watatu waliifungua, wawili walibonyeza. Mtunza stoo alibonyeza kwa simu 09:15, hakuandika kitu. Keshia alibonyeza 09:20 kwa kompyuta ya kaunta, akaandika paswadi ya imeli, paswadi ya akaunti ya malipo na msimbo wa simu. Alitoa taarifa 09:34. Imeli: paswadi mpya 09:41, vifaa vigeni vimetolewa, kichujio kimoja kimefutwa 09:46. Akaunti ya malipo: imefungwa kwa simu 09:52. Bado: paswadi za wafanyakazi wengine. Imeli ya asili imehifadhiwa.

Sehemu ya "bado" ni muhimu kama zile nyingine, kwa sababu inaonyesha mlango ambao ungali wazi. Na usifute imeli ile. Kwenye Gmail chagua "Download message", kisha uambatishe faili hiyo. Ukipiga picha ya skrini tu, au ukiisambaza kawaida, taarifa za njia iliyopitia hupotea.

Ipeleke wapi?

Kwetu kwanza. Pia itume kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, kupitia incidents@ke-cirt.go.ke. Kama hela zimetoka, nenda kituo cha polisi upate namba ya OB. Na kama sanduku lile lilikuwa na taarifa za wateja, tuseme majina na namba za vitambulisho vya wakulima wanaochukua mbolea kwa mkopo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ulipojua, iwapo kuna hatari ya kweli ya wao kudhurika.

Angalia tena zile saa: kutoka 09:20 hadi 09:34 ni dakika 14. Keshia alikuja mwenyewe akasema, "Bosi, kuna imeli nimefungua, na nimeweka paswadi." Februari 2023 kampuni ya Reddit ya Marekani ilivamiwa kwa njia kama hii, na ni mfanyakazi aliyenaswa ndiye aliyejiripoti, timu ya usalama ikamfungia mvamizi njia. Kama dukani kwako anayekosea hukatwa mshahara, keshia angenyamaza hadi jioni, na ungeanza kuhesabu kutoka kwa hela zilizopotea. Kwa hiyo uliza nani, nini na saa ngapi. Lile la "kwa nini ulibonyeza" liache hadi akaunti zote ziwe zimefungwa.