Kwa Nini Sindano ya B12 Haiachwi

Mwaka 1929 daktari William Castle wa Boston, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo wengi wangelionea kinyaa. Alikula gramu 300 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa kidogo tu, akasubiri kama saa moja, kisha akaitoa tumboni. Ikaachwa iyeyuke vizuri, halafu ikapitishwa kwa mpira hadi tumboni mwa wagonjwa wenye upungufu wa damu wa aina ambayo miaka michache nyuma ilikuwa haina tiba. Kabla ya hapo wagonjwa haohao walikuwa wamelishwa nyama ya namna hiyo, gramu 200 kwa siku, kwa siku kumi, na damu yao haikubadilika. Walipopewa nyama iliyokwisha kupita katika tumbo lenye afya, haikuchukua hata wiki mbili seli changa nyekundu zikaanza kufurika kwenye damu yao.

Castle akaamini kwamba nyama ina kitu, na tumbo lina kitu kingine, na kimoja bila mwenzake hakifui dafu. Kile cha kwenye nyama kilikuja kutambuliwa mwaka 1948: ni vitamini B12, yaani kobalamini. Kile cha tumboni, alichokiita kiambato cha ndani, ni protini inayotengenezwa na seli zilezile zinazotoa asidi ya tumbo. Kazi yake ni ya mbebaji. Huikamata B12, husafiri nayo utumbo mwembamba wote, na hupokewa karibu na mwisho wake tu, mahali penye vipokezi vinavyoutambua mzigo huo na kuuingiza mwilini.

Kwa mgonjwa wa upungufu huu wa damu, mfumo wa kinga umemgeukia mwenyewe. Baadhi ya kingamwili hukaa palepale ambapo B12 ingeshikwa, hivyo mbebaji anaondoka mikono mitupu. Nyingine huzuia mbebaji na mzigo wake visipokewe mwisho wa safari. Pamoja na hayo, seli zinazomtengeneza mbebaji zinaharibiwa, na ukuta wa tumbo unasinyaa. Hadi sasa hakuna dawa ya kawaida inayozirudisha seli hizo.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mwili wa mtu mzima huhifadhi B12 ya miligramu mbili hadi tano hivi, sehemu kubwa ikiwa kwenye ini, na mahitaji ya siku ni kama mikrogramu 2.4 tu. Kwa hiyo ugonjwa hujificha kwa miaka. Lakini kuna jambo la pili lisilosemwa sana: kila siku ini humwaga sehemu ya akiba hiyo utumboni pamoja na nyongo. Mwenye afya huirudisha karibu yote, kwa sababu mbebaji yupo. Mgonjwa wetu hana wa kuirudisha, nayo inapotea chooni. Ndiyo maana akiba yake huisha haraka kuliko ya mtu asiyekula nyama, ambaye mbebaji wake bado mzima.

Tumchukue mama wa miaka sitini, aliyefika kliniki akihema, ulimi laini na mwekundu, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Hemoglobini ni 6.8, seli nyekundu ni chache na kubwa kupita kiasi, na kipimo cha kingamwili dhidi ya kiambato cha ndani kimetoka chanya. (Kikitoka hasi hakiondoi ugonjwa, maana karibu nusu ya wagonjwa hawana kingamwili hizo katika damu.) Anachomwa hidroksokobalamini miligramu moja msulini, mara kadhaa kwa majuma mawili au zaidi kwa kuwa neva zimeguswa. Ndani ya wiki moja seli changa zinapanda. Baada ya miezi miwili hivi hemoglobini iko sawa. Anajiona amepona.

Lakini kilichopona ni damu. Tumbo liko vilevile. Akiacha sindano, ghala lililojazwa linaanza kuvuja tena kupitia nyongo, kimyakimya. Mbaya zaidi, akimeza vidonge vya foliki asidi vya kuongeza damu, hemoglobini inaweza kubaki nzuri huku uti wa mgongo ukizidi kuharibika. Anaanza kuyumba gizani na kusahausahau, na uharibifu ukikaa muda mrefu, dawa hairudishi yote. Rozela na matembele havisaidii hapa, kwani mimea hiyo haina B12.

Kwa baadhi ya wagonjwa, vidonge vyenye dozi kubwa vinaweza kuchukua nafasi ya sindano. Karibu asilimia moja ya B12 hupenya utumboni bila mbebaji, hivyo mikrogramu 1000 huacha kama 10 mwilini. Ila vimezwe kila siku, na navyo ni vya maisha.

Kama una ugonjwa huu, andika tarehe ya sindano ijayo, miezi miwili au mitatu mbele kama daktari alivyopanga. Ukiambiwa damu yako sasa ni nzuri, jua ni sindano inayoifanya iwe hivyo, usiiache.