MIPAKA YA MANENO KATIKA MAANDISHI YASIYO NA NAFASI
Mfano wa Kithai na tafsiri itokanayo na picha

Msomaji wa Kiswahili huzoea tangu utotoni kuliona neno kuwa ni kundi la herufi lenye nafasi huku na huku. Hiyo ni desturi ya uandishi wala si sheria ya lugha, kwani mtu asemapo hanyamazi baina ya neno na neno. Mathalan, tukiandika kwa herufi kubwa tupu na bila ya nafasi ALIPIKAWALI, maandishi hayo yaweza kusomwa kwa njia mbili. Yaweza kuwa habari: alipika wali. Yaweza pia kuwa amri apewayo mtu aitwaye Ali: Ali, pika wali. Herufi ni zilezile na mfuatano wake ni uleule. Kilichobadilika ni mahali pa kukata tu, na kwa kukata huko habari imegeuka amri.

Katika Kiswahili jambo hili ni kama mchezo wa maneno. Katika Kithai, lugha ya nchi ya Uthai, ndiyo hali ya kila siku. Kithai huandikwa kutoka kushoto kwenda kulia kwa herufi 44 za konsonanti, na irabu zake huwekwa mbele ya konsonanti, au nyuma yake, au juu, au chini. Hakuna herufi kubwa za kuonyesha majina ya watu au mwanzo wa sentensi. Nafasi zipo, lakini hazitengi maneno: huachwa aghalabu pale wazo linapokwisha, au kando ya tarakimu. Mthai aisomapo lugha yake hukata maneno kichwani mwake bila ya taabu, kwa kuwa anaijua. Taabu huanza pale maandishi hayo yanaposomwa na chombo kisichojua kitu ila kile kilichotiwa ndani yake. Na siku hizi chombo hicho ni simu ya mkononi, ambayo hupiga picha ya kibao au karatasi na kutoa tafsiri papo hapo.

Mfano upendwao na wataalamu wa lugha hiyo ni huu: ตากลม. Herufi zake ni tano, nazo kwa kukadiria tahajia yetu, tukiacha toni, ni t, a, k, l, m. Irabu iliyoandikwa ni moja tu, ile a ndefu. Baina ya l na m hapana irabu, na kanuni ya Kithai ni kwamba konsonanti mbili zifungazo silabi namna hiyo husomwa kwa o fupi isiyoandikwa. Kwa hiyo msomaji hutamka lom. Sasa swali ni moja: ile k katikati ni ya nani? Ikifunga silabi ya kwanza, tunapata tak lom. Tak ni kuanika, na lom ni upepo. Maneno mawili hayo pamoja yana maana ya kukaa penye upepo, yaani kupunga upepo. Ikifungua silabi ya pili, tunapata ta klom. Ta ni jicho, na klom ni mviringo. Basi maana ni macho ya mviringo. Penye neno nang, yaani kukaa, mbele yake, Mthai husikia habari ya mtu akaaye akipunga upepo. Penye neno dek, yaani mtoto, yaelekea atafahamu kuwa ni mtoto mwenye macho ya mviringo.

Chombo hufanya kazi hiyo kwa hatua. Kwanza hutafuta katika picha mahali penye maandishi na kuyagawa katika mistari. Pili hutambua herufi moja moja pamoja na alama zilizo juu na chini yake. Tatu hukata mfuatano wa herufi kuwa maneno. Nne hufasiri. Baadhi ya vyombo vya siku hizi huchanganya hatua ya tatu na ya nne, au hukata vipande vidogo kuliko neno, lakini uamuzi wa mipaka hauepukiki: hauwezi kufasiri ta klom ila umekwisha kuikataa tak lom.

Njia ya kale ya kukata, iliyotumika sana katika miaka ya 1980, ni kwenda na kamusi kutoka kushoto na kulichukua kila mara neno refu liwezekanalo. Kwa ตากลม njia hii hutoa tak lom daima, kwa sababu tak ni ndefu kuliko ta. Kwa hiyo mtoto mwenye macho ya mviringo hageuki kamwe kuwa kitu kingine ila mtoto apungaye upepo. Ubaya wake huonekana zaidi katika ไปหามเหสี. Mwenye kujua lugha hukata maneno matatu: pai, ha, mahesi, yaani kwenda kumwona malkia. Chombo kifuatacho neno refu hufika kwenye ha, kikaona kwamba kwa kuongeza m hupatikana ham, nalo ni neno halali lenye maana ya kubeba mzigo pamoja na mwenzio. Basi hulichukua. Herufi zilizobaki haziwezi tena kuwa malkia, ila hukatika kuwa he, yaani kwenda upande, na si, yaani rangi. Malkia ametoweka, na mahali pake pamekuja mzigo na rangi.

Kosa hilo lilitibiwa kwa kanuni nyingine: yatazamwe makato yote yawezekanayo ya sentensi nzima, na lichaguliwe lile lenye maneno machache. Malkia ana maneno matatu, na mzigo una manne, malkia anashinda. Lakini turudi kwenye ตากลม. Tak lom ni maneno mawili, na ta klom ni maneno mawili. Kanuni haina la kusema. Hapo ndipo zilipoingia njia za hesabu, ambazo hujifunza kutokana na maandishi mengi yaliyokwisha kukatwa na watu ni neno gani hupenda kufuatana na neno gani. Njia hizo ni bora sana panapokuwa na maneno jirani. Kibao cha dukani au jina la chakula huwa na maneno mawili matatu tu. Jirani hakuna, na chombo hukisia.

Yamkini msomaji atadhani kwamba kamusi bora na hesabu bora zatosha. Hazitoshi, kwa kuwa picha huleta taabu yake yenyewe kabla kamusi haijafunguliwa. Tuchukue sentensi moja ya dawa, ambayo Wathai huitumia sana kuonyesha hatari ya kuweka nafasi pasipo pake: ya ni di kin leo kheng reng mai mi rok pai biat bian. Maana yake ni: dawa hii ni nzuri, ukiitumia utakuwa na afya, hapana maradhi yatakayokusumbua. Neno kheng reng, yaani mwenye nguvu na afya, limeundwa kwa maneno mawili yawezayo kusimama peke yake: kheng ni -gumu, na reng ni nguvu. Mai mi ni hapana. Sasa tuseme sentensi hii imechapwa juu ya karatasi nyembamba ya chupa, na mchapaji ameivunja hivi:

ยานี้ดี กินแล้วแข็ง
แรงไม่มี
โรคภัยเบียดเบียน

Chombo kikiuhesabu kila mstari kuwa sentensi kamili, hutoa maneno haya: Dawa hii ni nzuri, ukiitumia utakakamaa. Nguvu hakuna. Maradhi yatasumbua. Hakuna herufi hata moja iliyosomwa vibaya, wala hakuna neno lililokosekana katika kamusi. Kosa limetokea katika hatua ya kwanza, pale mistari mitatu ilipokatwa mbali mbali ilhali ni mstari mmoja. Katika lugha yenye nafasi, mwisho wa mstari huhesabiwa kuwa nafasi tu. Katika Kithai mwisho wa mstari waweza kuwa mwisho wa wazo, au mpaka wa maneno mawili, au kiungo cha neno moja lenye vipande viwili, na karatasi haisemi ni lipi. Mgonjwa aliyepewa tafsiri hiyo aweza kuitupa dawa yake.

Taabu ya pili ya picha ni alama ndogo. Neno khao bila ya alama ni nyeupe. Likiwekewa alama moja ya toni juu ya konsonanti ni habari. Likiwekewa alama nyingine ni wali. Kivuli au mng'ao wa taa ukiifuta alama hiyo, wali hugeuka weupe, na ukataji wa maneno yanayofuata waweza kupotoka pia, kwani chombo kitatafuta jirani wa neno jeupe, si wa chakula. Majina nayo husumbua: jina lisilomo katika kamusi hukatwa vipande na kufasiriwa kila kipande. Hata mji mkuu wenyewe, uitwao na wenyeji Krung Tep, una vipande vyenye maana ya mji na miungu.

Kithai si peke yake. Kikhmer cha Kambodia, Kiburma na Kilao huandikwa vivyo hivyo. Katika Kilao cha leo irabu zote huandikwa, kwa hiyo mipaka ya silabi ni dhahiri zaidi, ingawa mipaka ya maneno bado imefichika. Kichina nacho hakina nafasi. Tangazo la dukani 乒乓球拍卖完了 likikatwa baada ya herufi ya nne lina maana kwamba vibao vya kuchezea tenisi ya meza vimekwisha kuuzwa. Likikatwa baada ya herufi ya tatu, mipira ya mchezo huo imekwisha kunadiwa. Hata wasomaji wa miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanajua taabu iliyo karibu na hii, kwani humo neno dogo kama na au ya mara nyingi limeunganishwa na neno linalofuata, na mwandikaji wa hati za Kilatini hulazimika kuamua mwenyewe mahali pa kukata.

Kosa la ukataji lina dalili zake. Tafsiri iliyoharibiwa na herufi mbovu huwa ni upuuzi mtupu. Tafsiri iliyoharibiwa na ukataji huwa na maneno mazima, yenye maana moja moja, lakini yasiyokaa pamoja: malkia hayupo, rangi ipo bila ya kitu chenye rangi, dawa inasifiwa na kulaumiwa kwa pumzi moja. Aonapo dalili hiyo, mtu na apige picha upya akiipindisha chupa ili mistari yote ionekane, kisha ayanakili maandishi yaliyotambuliwa, aondoe miisho ya mistari, na kuyafasiri tena yakiwa mstari mmoja. Tafsiri ikibadilika maana, si herufi tu, basi kosa lilikuwa katika kukata. Isipobadilika, na bado haieleweki, kosa li katika herufi au katika alama zake. Na ikiwa jambo lenyewe ni dawa, afadhali chupa yenyewe aonyeshwe Mthai ajuaye kusoma, wala asisomewe tafsiri. Kwani ajuaye lugha atakata penyewe bila hata kuona kwamba palikuwa na mahali pengine pa kukata.