Siku za Rutuba, Si Mlalo wala Limau, Ndizo Huamua Ujauzito

Wanandoa wa Kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, wanaotafuta mtoto hawahitaji mkao maalumu wa tendo la ndoa wala kulala chali baadaye. Mbegu za kiume huingia kwenye shingo ya kizazi ndani ya dakika chache; majimaji yanayotoka mwanamke anapoinuka si dalili kwamba zimepotea.

Maji ya limau yakinywewa humeng'enywa tumboni, hayafiki kwenye mfuko wa uzazi. Kujisafisha ukeni kwa limau hudhuru mbegu na kuunguza ngozi laini.

Kinachoamua ni siku. Yai huishi kwa muda usiozidi saa 24, ilhali mbegu huweza kuishi hadi siku 5. Yai hupevuka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Hivyo, mwenye mzunguko wa siku 32 hupevusha yai karibu na siku ya 18, na siku zake za rutuba ni ya 13 hadi ya 18. Akitegemea siku ya 10 pekee, huwa amewahi mno.

Ujauzito usipopatikana baada ya miezi 12, au miezi 6 kwa mwanamke mwenye miaka 35 na zaidi, wenzi wote wawili wafike kituo cha afya kupimwa, kwani chanzo huweza kuwa kwa mwanamume pia.