Kosa la Kidole na Kosa la Saa

Tarehe 20 Juni 1968, mjini Sacramento, Kalifonia, wanariadha watatu wa Marekani walikimbia nusu fainali za mita 100, na saa za mkono zikawapa wote sekunde 9.9. Hakuna aliyewahi kutambuliwa rasmi kukimbia chini ya sekunde 10 kabla ya jioni hiyo. Lakini uwanjani palikuwa pia na mtambo wa umeme, nao ulimpa Jim Hines 10.03, Charles Greene 10.10 na Ronnie Ray Smith 10.14. Saa za mkono hazikuona tofauti yoyote kati yao, na zote zilikuwa zimepunguza muda.

Je, saa hizo zilikuwa mbovu, au tatizo lilikuwa vidole vya walioziminya? Mwalimu wa michezo mwenye stopwochi ya kawaida anaweza kulipima swali hilo mwenyewe, mradi ana redio inayotoa alama ya saa. Mfano mzuri ni milio sita ambayo BBC imeitumia tangu 1924: mitano mifupi, kisha wa sita mrefu. Saa kamili huingia pale mlio wa sita unapoanza, si unapokwisha.

Tuseme anaanza saa mbili kamili asubuhi. Anaisikiliza milio mitano ya kwanza kama mpiga ngoma anayeshika mdundo, kisha anaminya pamoja na wa sita. Akingoja ausikie kwanza ndipo aminye, atachelewa, maana sauti huchukua takriban sekunde 0.15 tangu ifike sikioni hadi kidole kitende. Akishika mdundo anaweza kuwahi kidogo au kuchelewa kidogo. Anaiacha saa iendelee, na jioni saa kumi na mbili kamili anaisimamisha kwa namna ile ile.

Stopwochi inasoma saa 10 na sekunde 0.8. Tukikisia kwamba vidole vya asubuhi na jioni kwa pamoja vimekosea hadi sekunde 0.3, basi saa yenyewe imekimbia kwa kati ya sekunde 0.5 na 1.1 katika saa 10. Katika mbio za sekunde 11, kosa hilo halifiki hata nusu ya elfu moja ya sekunde.

Angalia sasa mtu mwenye haraka anayeikagua saa hiyo hiyo kwa dakika moja tu. Inasoma sekunde 60.15. Akiamini kwamba kosa ni la saa, itambidi aamini pia kwamba kwa saa 10 itakimbia dakika moja na nusu nzima! Kilichoonekana pale ni kidole. Kosa la kidole halikui muda ukirefuka, ila la saa hukua, ndiyo maana ukaguzi hufanywa kwa saa nyingi.

Redio inaweza kuchelewesha milio, hasa matangazo yanapopitia setilaiti. Ucheleweshaji huo ukiwa sawa asubuhi na jioni, unajifuta wenyewe. Kuanza na redio ya mawimbi na kumaliza na matangazo ya intaneti kwenye simu kutaharibu kipimo, kwa sababu simu inaweza kuchelewa sekunde kadhaa. Saa pia isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani: kioo cha kwatzi kinachoiongoza hupunguza mwendo joto linapopanda sana.

Uwanjani vidole havijifuti hivyo. Mpima muda huanzisha saa yake anapoona mwako au moshi wa bastola, na kwa kuwa hakujua utatokea lini, anachelewa. Hangoji mlio, maana sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kuvuka mita 100. Kwenye utepe mambo hubadilika: anamwona mkimbiaji akija, na kidole kinaminya karibu papo hapo. Saa imechelewa kuanza lakini haikuchelewa kusimama, hivyo muda unatoka mfupi. Ndiyo sababu ilizoeleka kuongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 ili kuulinganisha na wa umeme, na tangu 1977 rekodi za dunia za mbio fupi zimehitaji mtambo wa umeme.

Kwa mashindano yanayotegemea saa za mkono, kanuni za riadha zinataka wapima muda watatu kwa mshindi, na tarakimu ya mia za sekunde ipandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata. Saa zikisoma 11.18, 11.23 na 11.31, zinaandikwa 11.2, 11.3 na 11.4, na muda rasmi ni ule wa katikati, 11.3.